Mama anataka kulala, na mimi natakiwa kumgeuza

*Shikamoo Mshauri,*

*Mama yangu ana miaka 76 na uzito wa kilo 48. Alipata kiharusi kilicholegeza upande wake wa kulia, akalazwa hospitalini, kisha tukarudi naye nyumbani hapa Morogoro. Anaongea kwa taabu lakini anaelewa kila kitu. Kitandani anaweza kusogea kidogo tu, kujigeuza hawezi.*

*Siku tuliyoruhusiwa, fomu yake ilionyesha alama 15 katika kipimo cha Braden, kile cha hatari ya kupata vidonda vya kulala. Wiki hiyohiyo muuguzi anayetutembelea nyumbani aliandika 11, akatuandalia mpango wa huduma ambao mstari wake wa kwanza ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Chini ya mgongo, juu ya mfupa, ana kidonda kidogo kilichochubuka, chekundu cha mpauko, ambacho muuguzi amekiita daraja la pili. Jioni ya siku ya pili nyumbani niliona pia doa la zambarau kwenye kisigino cha kulia, lakini ngozi haijapasuka na mama halalamiki, kwa hiyo wasiwasi wangu uko kwenye kile kilicho wazi.*

*Shida yangu ni usiku. Kila ninapomgeuza analia, ananishika mkono na kusema, "Niache nilale." Nikimwacha, najiona namletea vidonda, nikimgeuza, najiona namtesa. Nipo peke yangu, na mchana sibaki na nguvu hata ya kumlisha vizuri. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema vidonda hivi ni uzembe wangu. Ametuma mpira wa mviringo wa kumkalisha, na anataka kununua godoro la hewa ili mama asihitaji tena kugeuzwa. Shangazi naye anasisitiza tumchue kwa spiriti, kama walivyofanya wodini zamani.*

*Je, nimsikilize mama au nifuate karatasi? Na kati ya wauguzi wale wawili, nani alikosea?*

*Binti, Morogoro*

Jibu

Marahaba, dada yangu. Naomba nianze na kisigino, kwa sababu ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako.

Madaraja ya vidonda vya mgandamizo, yaani vidonda vya kulala au kukaa mkao mmoja muda mrefu, hupima kina cha madhara. Daraja la kwanza ni ngozi nzima yenye alama isiyofifia ukiibonyeza kwa kidole. Katika la pili tabaka la juu limechubuka, na unachokiona ni nyama ya ngozi yenyewe, nyekundu au ya mpauko, yenye unyevu. La tatu limefika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, na la nne linaonyesha msuli, kano au mfupa. Nje ya hayo manne kuna hali mbili zisizopewa namba. Moja ni kidonda kilichofunikwa na utando wa njano au gaga jeusi kiasi kwamba kina chake hakionekani. Nyingine ni jeraha la tishu za ndani, ambalo hujitokeza kama doa la zambarau au wekundu uliokolea sana juu ya ngozi ambayo bado ni nzima.

Kwa jinsi unavyolieleza, doa la kisigino linafanana na hali hii ya mwisho, ingawa anayestahili kulithibitisha ni muuguzi au daktari atakayelishika kwa mkono. Hapo ndipo ningependa tulitazame upya wazo kwamba kidonda kilicho wazi ndicho kibaya zaidi. Kile cha chini ya mgongo, ikiwa kweli ni daraja la pili, ni cha juujuu na kina nafasi nzuri ya kufunga katika wiki chache mgandamizo ukiondolewa. Doa la kisigino linaweza kuwa dalili kwamba tishu zilizo karibu na mfupa zimeshakosa damu. Linaweza kufifia lenyewe, au likapasuka na kuonyesha shimo kubwa, na wakati mwingine hupasuka hata kwa mgonjwa anayehudumiwa vizuri sana. Ukimya wa mama nao usikutulize. Kisigino hicho kiko upande ulioguswa na kiharusi, na upande huo mara nyingi hisia ya maumivu hupungua.

Huna haja ya kungoja uamuzi wa mtu yeyote ili kukiokoa kisigino. Chukua mto laini, uulaze kwa urefu chini ya muundi, kuanzia karibu na goti hadi juu kidogo ya kifundo, goti likunjwe kidogo, na kisigino kining'inie bila kugusa kitu chochote. Pitisha kiganja chako chini yake. Kikipita bila kukwama, umefanikiwa. Mto usiishie kwenye kano iliyo nyuma ya kifundo, kwa sababu utakuwa umehamishia mgandamizo mahali pengine palipo dhaifu. Mguu wa kushoto nao uwekwe hivyohivyo.

Sasa kuhusu lawama za kaka yako. Jeraha la namna hii huanza chini kabisa, kisha huonekana juu ya ngozi baada ya saa 48 hadi 72 hivi. Wewe uliliona jioni ya siku ya pili nyumbani. Hesabu hiyo inaturudisha kwenye siku ya kuruhusiwa au kabla yake, pengine kitandani hospitalini, pengine ndani ya gari mguu ukiwa umeegemea kitu kigumu. Siwezi kusema ni wapi, na sidhani kutafuta wa kulaumiwa kutamsaidia mama. Ila kaka yako akisema doa limetokana na uzembe wa nyumbani, anadai jambo ambalo tarehe zenyewe haziliungi mkono, na unaweza kumweleza hivyo kwa utulivu.

Umeuliza pia ni muuguzi yupi aliyekosea. Huenda hakuna. Kipimo cha Braden, kilichoandaliwa Marekani na Barbara Braden na Nancy Bergstrom na kuchapishwa mwaka 1987, kina vipengele sita: hisia, unyevu wa ngozi, kiasi cha kutoka kitandani, uwezo wa kubadili mkao, lishe, na msuguano. Vitano vya kwanza hupewa alama 1 hadi 4, na msuguano 1 hadi 3, hivyo jumla huanzia 6 na kuishia 23. Alama zikishuka, hatari inapanda. Kwa mtu mzima, 18 kushuka chini huhesabiwa kuwa hatarini. 15 hadi 18 ni hatari ndogo, 13 na 14 ya wastani, 10 hadi 12 kubwa, na 9 au chini ya hapo kubwa mno.

Watu wengi husoma jumla na kuishia hapo, ilhali kinachosaidia ni kuzitazama alama moja moja. Omba fomu zote mbili uziweke sambamba. Tuseme hospitalini aliandikiwa hisia 3, unyevu 3, kutoka kitandani 2, kubadili mkao 2, lishe 3 na msuguano 2. Hiyo ni 15. Nyumbani hisia ikabaki 3 na kubadili mkao 2, lakini unyevu ukashuka kuwa 2 kwa sababu ya mkojo kwenye nepi, kutoka kitandani kukawa 1 kwa kuwa hakuna wa kukusaidia kumkalisha kwenye kiti, lishe ikawa 2 kwa sababu anakula nusu sahani, na msuguano ukawa 1 kwa sababu mtu mmoja hawezi kumsogeza bila kumburuta. Hiyo ni 11. Huu ni mfano wangu, na fomu za mama huenda zikasema tofauti kidogo. Lakini ukiona alama nne zimepotea kwa njia hiyo, utatambua kwamba kilichobadilika ni mazingira yake, na kwamba mpango wa huduma unapaswa kujibu kila alama iliyopotea. Mpango unaosema tu "mgeuze kila baada ya saa mbili" umejibu jumla na kuviacha vipengele vyenyewe.

Chukua msuguano. Nashuku ndiko machozi ya usiku yanakotoka. Ukimgeuza peke yako, bila shaka unamvuta kwa mkono au bega, na bega la upande uliolegea baada ya kiharusi huuma sana likivutwa. Vilevile ngozi inabaki imeshikwa na shuka wakati mifupa inasogea, na mvutano huo hukata mishipa midogo ya damu chini ya ngozi. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi mapajani, na inapowezekana mshike wawili, kila mmoja upande wake, mumnyanyue badala ya kumburuta. Ukiwa peke yako, kunja goti lake la mbali, weka mkono mmoja begani kwa nyuma na mwingine nyonga, umvingirishe taratibu kuelekea kwako kama gogo moja, mkono uliolegea ukiwa umetangulizwa kifuani. Wala si lazima alale ubavu kamili. Mlaze kwa kuinama nyuzi 30 tu, mto ukiwa nyuma ya mgongo na mwingine kati ya magoti. Mkao huo unauondolea mzigo mfupa wa chini ya mgongo bila kuuhamishia wote kwenye mfupa wa nyonga, na wengi huuvumilia vizuri zaidi. Muulize pia daktari wake kama anaweza kupewa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kugeuzwa usiku.

Unyevu nao una njia yake. Nepi ikiloa ibadilishwe, ngozi isafishwe kwa maji na sabuni isiyo kali, ikaushwe kwa kugusishwa kitambaa bila kusugua, kisha ipakwe mafuta mazito ya kuzuia maji, kama vaselini au krimu ya zinki, kwenye ngozi isiyochubuka. Usitandike plastiki na mashuka matatu juu ya godoro, maana tabaka hizo hutunza joto na kufanya mikunjo. Muuguzi akija, mwombe aangalie tena kama kidonda kile kweli ni cha mgandamizo. Mchubuko wa mkojo huenea bila mipaka dhahiri na hupenda mfereji wa makalio, ilhali kidonda cha mgandamizo hukaa juu ya mfupa na mara nyingi kina ukingo unaoonekana. Vyote viwili vinaweza kuwepo pamoja, na matibabu yake hayafanani.

Kwa upande wa chakula, mtu mwenye vidonda hivi hukadiriwa kuhitaji gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa kilo 48 hiyo ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kwa hiyo uji mtupu wa sembe hauwezi kumfikisha huko; uji wenye maziwa, dagaa waliosagwa na yai unaweza kumsogeza. Kabla ya kuongeza, uliza kuhusu figo zake na kama anameza salama, kwani baada ya kiharusi chakula huweza kupita njia ya hewa. Anapokula lazima akae wima, na nusu saa hivi baada ya chakula umshushe hadi nyuzi 30 au chini yake. Akiachwa ameegemea kwa muda mrefu, mwili huteleza kuelekea miguuni na kidonda cha chini ya mgongo huvutwa.

Shangazi anasema kweli kwamba kuchua kwa spiriti kulifanyika wodini miaka mingi, na najua analisema kwa mapenzi. Siku hizi tunakuepuka kabisa, kwa sababu kusugua sehemu ambayo tayari imekosa damu huzidisha madhara, na spiriti huikausha ngozi. Huenda ukampa kazi nyingine inayoheshimu uzoefu wake, kwa mfano awe mtu wa pili wa kushika shuka saa za jioni. Mpira wa mviringo ningeomba uwekwe kando. Ukingo wake hubana duara zima la ngozi, na sehemu iliyo katikati ndiyo hupungukiwa damu.

Sasa nirudi kwenye usiku. Unaiona kama njia panda yenye njia mbili tu, mama au karatasi. Mimi naona angalau tatu, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuendelea na saa mbili usiku kucha. Kwenye godoro la kawaida, huku akiwa na vidonda viwili, ndiyo njia yenye tahadhari kubwa zaidi kwa ngozi. Gharama yake umeshaieleza mwenyewe. Mama hapati usingizi, nawe ukichoka unamburuta, na mchana halishwi vizuri. Alama ambazo ungeziokoa kwa kumgeuza unazipoteza kwenye lishe na msuguano.

Unaweza kurefusha muda wa usiku kwa kutumia godoro bora. Nancy Bergstrom huyohuyo aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada. Wazee wenye hatari ya wastani na kubwa walilazwa kwenye magodoro ya sifongo nzito, wakageuzwa kila baada ya saa mbili, tatu au nne, na haikuonekana tofauti ya maana katika kupata vidonda. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2014 nao unataja angalau kila baada ya saa nne kwa mtu mzima mwenye hatari kubwa. Kwa hiyo saa mbili si amri isiyojadilika. Lakini wazee wa utafiti ule walianza bila vidonda na walikuwa na godoro zuri, na mama yako hana hali zote mbili hizo. Ukichagua njia hii, iache ngozi yake ikuongoze. Pamoja na muuguzi, anzeni kwa kumgeuza kila baada ya saa tatu wakati wa usiku, yaani saa 4, saa 7 na saa 10 alfajiri, na mchana muendelee na kila baada ya saa mbili. Kila unapomgeuza, kagua sehemu aliyokuwa ameilalia. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, basi tumia mwanga wa kutosha na nyuma ya kiganja chako: linganisha joto na ugumu wa mahali hapo na ngozi ya jirani. Baada ya nusu saa kagua tena. Ikiwa bado pana joto, pamekakamaa, pamelegea kuliko jirani, au rangi imekoza, muda ulikuwa mrefu mno kwake. Pakiwa pametulia usiku kadhaa mfululizo, mnaweza kuzungumzia saa nne.

Godoro la hewa la kaka yako linaingia hapa. Lile ambalo vyumba vyake hujaa na kupungua hewa kwa zamu linaweza kusaidia kweli, ila halimwondolei mtu haja ya kugeuzwa, na halilindi visigino. Lina pia kasoro mnayopaswa kuijua kabla ya kulipa: linategemea umeme. Umeme ukikatika usiku nanyi mmelala, baadhi hupungua hewa na mgonjwa akabaki amelalia chaga. Kila jioni pitisha mkono chini ya godoro hilo, kiganja kikitazama juu, mahali makalio yalipo. Unene ambao haujabanwa ukiwa chini ya sentimita mbili na nusu, halimbebi. Godoro la sifongo nzito halihitaji umeme, na kwa nyumba nyingi za kwetu ningelifikiria kwanza.

Njia ya tatu ni mtu wa pili. Fedha ya godoro la hewa, au sehemu yake, ingeweza kumlipa msaidizi wa kuja jioni na alfajiri, akusaidie kumnyanyua na kumkalisha kwenye kiti chenye mto, lakini si kwa zaidi ya saa moja kila mara kwa sasa. Hatari ni kwamba mgeni asiyefundishwa ataburuta vilevile, na mama huenda akaona haya kushikwa na mtu asiyemjua. Kaka yako anatafuta namna ya kusaidia akiwa mbali, na ukimpelekea fomu mbili za Braden badala ya kumwambia tu kwamba umechoka, pengine ataliona pengo mwenyewe.

Katika njia zote hizo, mama bado hajaulizwa mchana. Saa nane za usiku, akiwa na maumivu na usingizi, hawezi kutoa jibu lake lote. Chagua saa aliyotulia, umwonyeshe kisigino chake kwa kioo, umweleze kinachoweza kutokea, kisha muulize upande upi unamuuma, alale akitazama wapi, na ni saa zipi angependa asiguswe kabisa. Anaweza kukubali zamu mbili na kukataa ya tatu. Akikataa baada ya kuelewa, kukataa kwake kuandikwe kwenye mpango pamoja na mlichokubaliana badala yake, kama kusogeza tu nyonga na bega kwa mto mdogo bila kumwamsha. Hilo nalo huhamisha mzigo kidogo, ingawa halitoshi kuwa mbadala wa kumgeuza kila siku.

Muuguzi akirudi, mwombe apime urefu na upana wa kila kidonda na kuandika tarehe, na apige alama za Braden upya kila hali ya mama inapobadilika. Kabla hajarudi, itazame zambarau ya kisigino kila asubuhi. Ikivimba lengelenge, ikilegea chini ya kidole, au ikianza kutoa maji, usilitoboe. Mpigie siku hiyohiyo. Ikikauka kuwa gaga jeusi gumu lisilo na wekundu wala unyevu pembeni, liache lilivyo, kwa kuwa hapo kisiginoni linafunika na kulinda, na asilikate mtu bila daktari kukagua kama damu inafika vizuri mguuni. Kukiwa na harufu, usaha, joto linaloenea, homa au kuchanganyikiwa kwa ghafla, mpelekeni hospitali usiku huohuo bila kungoja zamu ya muuguzi.